Tofali za kuchoma, bloku au udongo: hesabu ya nyumba moja ya Iringa

SWALI: "Nina kiwanja nje kidogo ya Iringa mjini, nataka nyumba ya vyumba vitatu, ya chini, siyo ghorofa. Fundi anang'ang'ania tofali za kuchoma, anasema ni za asili, udongo mtupu. Mwanangu aliyesoma anasema saruji na nondo ndivyo vinavyochafua hewa. Jirani amejenga kwa zile za kufungamana na anazisifu sana. Mimi sitaki maneno, nataka hesabu: kipi kina mzigo mdogo kwa mazingira, na nikibadili vifaa napunguza kiasi gani?" (Mama wa Iringa)

JIBU: Kamwene, mama. Kwa kiwanja chako ningechagua tofali za kufungamana zenye saruji kidogo, zisizopigwa lipu nje, juu ya msingi wa mawe. Bila masharti hayo, jirani yako hana cha kujivunia. Na tofali za kuchoma, pamoja na uasilia wake, zinaweza kuwa ndizo zenye mzigo mkubwa kuliko zote, au zikawa karibu sawa na hizo za kufungamana. Inategemea kuni zimetoka wapi.

Watu wengi huanza na orodha ya nishati kwa kila kilo ya kifaa. Udongo mbichi karibu sifuri, zege karibu megajuli 1, tofali ya kuchoma 3, saruji 5, nondo kati ya 10 na 30. Orodha hiyo si ya uongo, ila inapotosha, kwa sababu hakuna anayejenga kwa kilo moja moja. Nondo inaonekana jambazi, kumbe kwenye nyumba ya chini inaingia kidogo tu. Zege linaonekana pole, kumbe linamwagwa kwa tani. Kwa hiyo tutahesabu kwa mita ya mraba ya ukuta uliokamilika, na vitu viwili tu: mifuko ya saruji na kuni. Hivyo viwili vinabeba karibu mzigo wote, na vyote unaweza kuvihesabu mwenyewe ukiwa saiti.

Saruji kwanza, maana ina tabia ambayo kifaa kingine katika orodha hiyo hakina. Kiwandani mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na jiwe lenyewe huachana na hewa ukaa iliyofungwa ndani yake:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kilo 100 za jiwe safi la chokaa hutoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa ukaa. Hata kiwanda kikitumia jua kupasha tanuru, hewa hiyo itatoka vilevile. Kwa tani moja ya klinka, yaani zile punje zinazosagwa kuwa saruji, karibu kilo 520 za hewa ukaa hutoka kwenye jiwe lenyewe, na kilo 300 hivi hutokana na mafuta, gesi au makaa ya kupashia moto. Ndiyo maana saruji inachafua hewa kuliko kipimo chake cha nishati kinavyoonyesha. Saruji ya dukani haiwi klinka tupu, nitalirudia hilo mwishoni. Kwa hesabu za hapa nachukua gramu 800 za hewa ukaa kwa kila kilo, yaani kilo 40 kwa mfuko mmoja wa kilo 50.

Sasa nyumba yenyewe. Nimechukua mita 10 kwa 8, mita za mraba 80. Kuta za nje na za ndani zikiunganishwa zina urefu wa mita 62, kimo mita 2.7. Ukitoa milango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 145 za ukuta. Ramani yako ikija tofauti, zidisha au gawanya, uwiano hautabadilika sana.

Tuanze na bloku za saruji za nchi 6, kwa kuwa ndizo kipimo ambacho kila mtu anakijua. Mita moja ya mraba inakula bloku 9. Wafyatuaji wengi hutoa bloku 30 hadi 35 kwa mfuko, kwa hiyo ndani ya bloku hizo 9 kuna kama kilo 14 za saruji. Udongo wa kujengea, ule wa mchanga na saruji unaounganisha bloku, unaongeza kilo 4. Lipu ya pande zote mbili, sentimita moja na nusu kila upande, inaongeza kilo 9. Jumla kilo 27. Angalia hapo: lipu peke yake ni theluthi moja ya saruji ya ukuta. Kwa nyumba nzima ni kilo 3,900, au mifuko 78, na hewa ukaa tani 3.1.

Haya, tofali za fundi wako. Udongo ni wa asili kweli. Kinachoigeuza kuwa tofali ni moto, na moto huo ndio bili. Kuifikisha tofali kwenye nyuzi 900 hivi kunahitaji chini kidogo ya megajuli moja kwa kila kilo, ukijumlisha na nguvu ya kufukuza maji yaliyobaki ndani yake. Kilichobaki kinapotea. Tanuru letu la kienyeji linajengwa, linachomwa, linapoa, linabomolewa. Joto lote lililoingia kwenye tofali linatoka kwenda angani, na tanuru linalofuata linaanza na baridi upya. Pembeni upepo unaondoka na sehemu nyingine. Ndiyo sababu tanuru linalochomwa vizuri linakula megajuli 2 hadi 3 kwa kilo, na tanuru dogo la tofali elfu chache, lililo wazi upeponi, linafika 4 au 5. Udogo wenyewe ndio tatizo: tanuru dogo lina ngozi kubwa kwa kulinganisha na tumbo lake, na joto linatokea ngozini.

Tuchukue 3, tusimwonee fundi. Ukuta wa sentimita 15 una kilo 180 za tofali kwa mita ya mraba, ukishatoa nafasi ya udongo wa kujengea. Hiyo ni megajuli 540, sawa na kilo 36 za kuni zilizokauka. Kwa nyumba yako ni tani 5.2 za kuni, na kwa kuwa katika kila tanuru kuna tofali zisizoiva za nje na zilizoungua kupita kiasi karibu na midomo ya moto, sema tani 6. Kuni hizo zikiungua hutoa hewa ukaa tani 9 na zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi hawalisemi. Tofali za tanuru hazilingani. Moja imepinda, nyingine imevimba, ya tatu imekatika kona. Mwashi anaficha tofauti hizo kwa udongo wa saruji, na viungo vinafika sentimita 2 au 3. Nenda kwenye nyumba yoyote inayojengwa karibu nawe, pima kwa rula viungo kumi, usichague. Robo nzima ya ukuta inaweza kuwa udongo wa kujengea. Hiyo ni kilo 11 za saruji kwa mita ya mraba, na lipu ya ndani, ambayo lazima iwe nene ili kunyoosha ukuta, inaongeza kilo 6. Kwa hiyo ukuta wa tofali za kuchoma, unaosifiwa kwamba hauna saruji, umekula mifuko 49 kwa nyumba yako. Hewa ukaa ya saruji hiyo ni tani 2. Ukijumlisha na kuni, 11.

Hapo ndipo swali la kuni linapoamua kila kitu. Ikiwa magogo yamekatwa kwenye msitu wa asili au miti ya mtoni ambayo hakuna anayeipanda tena, hizo tani 9 ni deni halisi, na ukuta wako una mzigo wa zaidi ya mara tatu ya ule wa bloku. Ikiwa ni miti ya kupandwa, na shamba linapandwa tena kila linapovunwa, miti inayokua inairudisha ile hewa, na deni linabaki lile la saruji, tani 2. Kwenu kuna njia ya tatu ambayo mikoa mingi haina: mabanzi na maranda ya viwanda vya mbao vya upande wa Mafinga, kutoka mashamba kama Sao Hill. Mabaki hayo mara nyingi yangechomwa bure au kuachwa yaoze. Tofali iliyochomwa kwa mabanzi ni habari nyingine kabisa. Usimwulize muuza tofali kama kuni zake ni halali, atasema ndiyo. Nenda tanurini kabla halijawashwa, utazame kilichorundikwa: mabanzi yana upande mmoja wa gome na upande mmoja uliopasuliwa na msumeno, na huwezi kuyachanganya na gogo la msituni.

Ukiamua kuzichukua, kuna mambo mawili yanayopunguza kuni bila kuharibu tofali. La kwanza ni kuzikausha vizuri kabla ya kuzipanga. Vunja tofali mbichi katikati: ndani ikiwa na rangi nyeusi zaidi kuliko pembeni, bado ina maji, na maji hayo yatachemshwa kwa kuni zako. La pili ni kuchanganya pumba za mpunga au maranda kwenye udongo wakati wa kufyatua, ili moto mwingine uwake ndani ya tofali yenyewe. Zikizidi, tofali inakuwa na vitundu na kunywa maji. Tofali iliyoiva ukiigonga na mwenzake inalia kama chuma. Iliyolia kama gunia haikuiva, na ukiilowesha usiku mmoja kingo zake zitaparurika kwa ukucha.

Sasa za jirani, zinazoshikana zenyewe bila udongo wa kujengea katikati. Tofali ya kufungamana ya kawaida ina sentimita 30 kwa 15 kwa 10 na uzito wa kama kilo 8.5. Zinaingia 33 kwa mita ya mraba, kwa hiyo ukuta una kilo 280 za udongo ulioshindiliwa. Hakuna moto. Nishati ya mashine ya mkono ni wali na maharage ya vijana wanaoivuta. Kinachobaki ni saruji iliyochanganywa, na hapa ndipo watu wanapojidanganya, kwa sababu asilimia ndogo ya kitu kizito si kidogo.

Weka asilimia 6 ya saruji: ni kilo 17 kwa mita ya mraba, na kilo moja ya kozi ya kwanza na kujazia hapa na pale, 18. Nyumba nzima mifuko 52. Umeokoa mifuko 26 dhidi ya bloku, na hewa ukaa imeshuka kutoka tani 3.1 hadi 2.1. Weka asilimia 10, kwa kuwa fundi anaogopa au udongo ni mbaya: kilo 28 kabla ya kitu kingine chochote, na umeshapita bloku. Baki kwenye asilimia 6 lakini piga lipu pande zote mbili kwa sababu mgeni asije akaona udongo: 18 na 9 ni 27. Ni ileile ya bloku, hadi kilo. Nimeona nyumba nyingi za namna hiyo, zimejengwa kwa tofali za kufungamana kisha zikafunikwa lipu zisionekane, na mwenye nyumba anaamini ameokoa mazingira.

Kwa hiyo mjadala wote unarudi kwenye udongo wako unahitaji saruji kiasi gani, na hilo linapimwa kwa kisanduku, wala halihitaji maabara. Mwambie seremala akutengenezee kisanduku cha mbao kisicho na mfuniko, urefu wa ndani sentimita 60, upana 4, kina 4. Kipake mafuta ndani. Chukua udongo chini ya ule mweusi wenye mizizi, nusu mita kwenda chini, uloweshe mpaka uwe laini, ujaze na kushindilia hadi kona zote, kisha uache ukauke kabisa: siku 3 juani au wiki moja kivulini. Udongo utasinyaa. Usukume wote upande mmoja wa kisanduku na upime pengo lililobaki.

Pengo likiwa chini ya sentimita 1.5, ndoo 1 ya saruji inatosha ndoo 18 za udongo, na hiyo ni karibu asilimia 6. Kati ya 1.5 na 3, ndoo 1 kwa 16. Kati ya 3 na 4.5, ndoo 1 kwa 14. Ikifika 6, ndoo 1 kwa 12, na hapo uko karibu asilimia 10, faida yote imekwisha. Pengo likiwa kubwa usikimbilie saruji. Changanya mchanga kwenye udongo, mafungu mawili matatu ya vipimo tofauti, jaza kisanduku tena. Udongo mwekundu wa vilima vya kwenu mara nyingi una mfinyanzi mwingi na utakubali mchanga robo au theluthi. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi mpaka mguu unaingia, uache kabisa, hauna dawa ya bei nafuu.

Saiti, kipimo chako ni idadi. Mfuko ukitoa tofali 90 hadi 100, uko kwenye asilimia 6. Ukitoa 60, uko kwenye 10. Hesabu mwenyewe siku ya kwanza, usisubiri fundi akuambie jioni. Na unyevu upime kwa mkono: finyanga donge la ukubwa wa ngumi, linyanyue usawa wa kifua, liachie lidondoke kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, uko sawa. Likisambaa kama unga ni kavu mno, likibaki donge ni bichi mno, na tofali ya namna hiyo haishindiliki hata uivute mashine kwa nguvu gani.

Kinachoharibu tofali hizi zaidi ni jua la wiki ya kwanza. Saruji inaponyimwa maji inaacha kukomaa, na tofali iliyokauka siku ya pili ina saruji iliyokufa ndani yake. Umelipia hewa ukaa yote na nguvu hukupata. Zifunikwe na turubai au nailoni zikiwa zimepangwa kivulini, zimwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7, kisha zikae hadi siku 28 kabla ya kubeba paa. Kabla ya kujenga, chukua moja moja kutoka mafungu tofauti, zitumbukize majini saa 24. Ukikwaruza kwa msumari na ukachimba mfereji kama kwenye sabuni, fungu hilo lirudi kwenye ukuta wa bustani.

Ukuta usio na lipu nje unadai paa litoke sentimita 60 au 75 nje ya ukuta, na kozi tatu za chini zijengwe kwa mawe au zilindwe, kwa sababu mvua inayoruka kutoka chini ndiyo inayokula udongo. Mafundi wa siku hizi wanakata paa fupi ili kuokoa bati na mbao. Usikubali. Ndani, kama unataka weupe, piga rangi ya chokaa moja kwa moja kwenye tofali.

Tofali mbichi za udongo, zisizochomwa wala kutiwa saruji, zikijengwa kwa udongo na ukuta wa sentimita 30, zingekutoa kwenye mifuko 78 hadi karibu sifuri. Hakuna kinachozishinda kwa mzigo. Lakini zinataka matengenezo ya lipu ya udongo baada ya masika, zinakaribisha mchwa, na zikifikiwa na maji ya mafuriko zinaporomoka. Kuna pia suala la tetemeko. Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba nyingi za udongo na za tofali zisizofungwa mkanda. Kwa nyumba ya kuishi na watoto mjini sikushauri, ila kwa jiko la nje, stoo au banda, usitumie kitu kingine.

Tushuke chini ya ukuta, maana mwanao alikuwa na hoja kuhusu zege, na hakuna mtu anayebishana nalo kwa sababu halionekani. Kwa nyumba yako hiyohiyo ya bloku, jamvi la sentimita 10 linakula mifuko 51. Zege la msingi linakula 33, ukuta wa msingi 19, na lenta 12. Ukijumlisha na kuta unapata kama mifuko 190, hewa ukaa karibu tani 7.7. Kuta tunazogombania ni chini ya nusu.

Jamvi la nyumba ya chini halibebi kitu zaidi ya vitanda na kabati, na kazi yake halisi inafanywa na kifusi cha mawe kilicho chini yake. Kikishindiliwa vizuri, kwa tabaka za sentimita 15 na maji, jamvi la sentimita 7.5 linatosha na unaokoa mifuko 13. Kisiposhindiliwa, hata la sentimita 15 litapasuka. Mafundi wengi wanamwaga zege nene kufidia uvivu wa kushindilia, na wewe unalipa saruji badala ya jasho.

Msingi ndio zawadi ya Iringa. Mawe mnayo mpaka yanapewa majina. Msingi wa mawe wa upana wa sentimita 40, ukilazwa juu ya tabaka jembamba la zege, unakula kama mifuko 26 badala ya 52, mradi mwashi apange mawe yagusane na udongo wa saruji ujaze mianya tu. Jiwe linaloelea ndani ya saruji linaonyesha mwashi asiyejua kupanga. Jamvi na msingi peke yake vimekuokolea mifuko karibu 40, zaidi ya ulichookoa kwa kubadili tofali za ukuta.

Nondo sasa. Mkanda wa lenta wa mita 62 wenye nondo nne za milimita 12 na ringi za milimita 8 una kilo 300 hivi za chuma. Kama nondo zimeyeyushwa kutoka chuma chakavu kwa umeme, ni megajuli 3,000 na hewa ukaa kilo 180 hivi. Kama zimetoka kwenye tanuru la makaa linaloyeyusha mawe ya chuma, ni megajuli 9,000 na hewa ukaa kilo 600. Tofauti ni kubwa kwa asilimia, lakini yote ni kidogo ukilinganisha na zile tani 7.7. Kwa hiyo lenta usiikate hata kidogo, Iringa mko karibu na Bonde la Ufa na mkanda ndio unaoshika kuta zisifunguke. Unachoweza kukata ni nguzo za zege kwenye kila kona, ambazo mafundi wameziiga kutoka kwenye maghorofa. Ukuta wako wa tofali ndio unaobeba paa la bati, nguzo hizo zimesimama tu.

Na usimwage slabu juu eti siku moja mtaongeza ghorofa. Mita moja ya mraba ya slabu ya sentimita 15 ina kilo 50 na ushei za saruji na kilo 12 hadi 15 za nondo. Inazidi mita mbili za mraba za ukuta wa bloku uliopigwa lipu. Hapo ndipo chuma kinapoanza kuwa jambo la kuogopa.

Mwisho, soma mfuko wa saruji. Ukiandikwa CEM I ni karibu klinka tupu. CEM II ina klinka asilimia 65 hadi 94, na kilichobaki ni chokaa iliyosagwa, au pozolana, yale majivu ya volkano ambayo nyanda za juu kusini zimejaaliwa. CEM IV inashuka zaidi, wakati mwingine hadi asilimia 45. Kadiri klinka inavyopungua ndivyo hewa ukaa inavyopungua, na namba ya nguvu, 32.5 au 42.5, inakwambia kitu kingine. Kwa lipu, kujengea na tofali za kufungamana, 32.5 yenye pozolana inatosha na inafaa zaidi. Ile ya 42.5 iachie lenta. Ya pozolana inakomaa polepole, kwa hiyo zile siku 7 za kumwagilia ziongeze zifike 10, na turubai lisitoke mapema kwa sababu tu tofali zinaonekana ngumu.